Muuguzi anapotoka wodini: kazi ya afya ya jamii Kakuma na Kalobeyei inadai nini

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Julai 1 mwaka huohuo, shirika la USAID likafungwa. Katikati ya tarehe hizo mbili, mashirika mengi yanayoendesha huduma kambini yalipunguza wafanyakazi, na wauguzi hawakusalimika. Sista aliyezoea kuuliza insentivi itaongezwa lini sasa anauliza jina lake litakuwemo kwenye orodha ijayo au la.

Wakati huohuo jambo jingine limekuwa likitembea polepole. Machi 28, 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanahudumiwa na mfumo mmoja. Kwa upande wa afya maana yake ni kaunti. Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti na zahanati mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hiyo kliniki inayoendeshwa leo na shirika inatazamiwa siku moja iwe kliniki ya Kaunti ya Turkana. Tena serikali yenyewe imeinamia upande wa kinga. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi, na Septemba mwaka huo wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walikabidhiwa vifaa na simu ili wazunguke nyumba kwa nyumba, kila mmoja akiwa na kaya zipatazo 100.

Ukiweka mambo haya mawili pamoja utaona kwa nini wauguzi wengi, wakimbizi na Waturkana, wanazungumzia kuhama. Vitanda vinapungua, na kazi inayobaki iko zaidi nje ya wodi: chanjo, lishe, ufuatiliaji wa magonjwa, usimamizi wa wahamasishaji, uandishi wa takwimu. Tatizo ni namna watu wanavyojiandaa. Wengi wanakusanya vyeti. Kila semina ya siku mbili inaongeza karatasi kwenye faili, na mtu anafika kwenye usaili akiwa na vyeti 14 lakini hawezi kusoma ripoti ya mwezi ya zahanati yake mwenyewe. Makala haya yanahusu kitu ambacho vyeti hivyo havifundishi, kisha yanahusu makaratasi ambayo kweli yanahitajika.

Kuna njia nyingine pia za kuhama, nazo tuziseme kwa ufupi. Ualimu wa wauguzi unadai digrii, au diploma ikifuatiwa na masomo ya ualimu wa fani za afya, na vyuo vilivyo karibu, kama KMTC Lodwar, huajiri kwa utaratibu wa serikali. Kwa mkimbizi mlango huo ni mwembamba sana, ila kazi ya kufundisha wanafunzi walio mazoezini wodini ipo, na anayeifanya vizuri huonekana. Utawala, yaani kuwa msimamizi wa wodi au wa kliniki, mara nyingi hauombwi. Mtu hupandishwa kwa sababu alikuwa akipanga zamu na kuagiza dawa bila kuambiwa. Afya ya jamii ndiyo yenye nafasi nyingi zaidi, na ndiyo inayomkosesha muuguzi usingizi anapoingia, kwa sababu hesabu yake ni tofauti.

Wodini muuguzi anafikiri kuhusu aliye mbele yake. Mtoto ana homa, unampima, unampa dawa, unaandika, unamkabidhi kwa wa zamu ya usiku. Kazi nzuri ni mgonjwa aliyepona. Kwenye afya ya jamii swali la kwanza ni nani hakuja. Watoto 78 waliochanjwa ni namba ya juu tu. Bila namba ya chini, yaani watoto waliotakiwa kuchanjwa, hiyo 78 haisemi kitu. Muuguzi wa wodini hakuwahi kuhitaji namba ya chini, kwa sababu wagonjwa walijileta wenyewe. Huo ndio mpaka wenyewe kati ya kazi hizi mbili, na ndipo wengi wanapokwama.

Tuchukue mfano tuupitie hadi mwisho. Ni mfano tu, namba zake tumezitunga, lakini yeyote aliyewahi kujaza fomu ya MOH 710 atazitambua.

Muuguzi kutoka Bukavu, mwenye miaka minane ya wodi ya watoto, amepewa kazi ya kusaidia mratibu wa chanjo katika zahanati inayohudumia watu 12,000. Bosi wake anamwomba aandike hali ya chanjo ya penta kwa miezi mitatu ya kwanza ya mwaka. Nchini Kenya penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Muuguzi anafungua rejista, anahesabu, anapata watoto 104 waliopata penta ya kwanza na 78 waliopata ya tatu.

Sasa anatafuta namba ya chini. Tuseme mpango wa eneo hilo unachukulia kwamba watoto chini ya mwaka mmoja ni asilimia 3 ya watu wote. Asilimia 3 ya 12,000 ni watoto 360 kwa mwaka, yaani 90 kwa miezi mitatu. Anagawanya: 104 kwa 90 ni asilimia 116, na 78 kwa 90 ni asilimia 87. Anaandika kwamba penta ya kwanza imefikia asilimia 116, anaongeza neno la pongezi, anapeleka.

"Mama, hizi asilimia 116 zinatoka wapi?" mratibu anamuuliza. "Tuna watoto 90. Hao 104 ni wa nani?"

Hapo ndipo somo linapoanza. Ukipita asilimia 100 hujafanya vizuri kupita kiasi. Umepewa taarifa kwamba mojawapo ya namba zako mbili si sahihi. Huenda watu wa eneo hilo si 12,000 tena, maana wageni wamepokelewa na orodha haijarekebishwa. Huenda akina mama wa Kiturkana kutoka vijiji vya jirani wanaleta watoto hapo, jambo ambalo ni haki yao, lakini wao hawamo kwenye ile 12,000. Huenda pia mtoto aliyepata penta ya pili ameandikwa kwenye safu ya kwanza kwa sababu kadi yake ilipotea na mtoa chanjo akaanza upya. Kila sababu ina njia yake ya kuthibitishwa. Kwa ile ya pili unaangalia safu ya makazi kwenye rejista. Kwa ya tatu unaangalia umri: mtoto wa miezi saba "anayeanza" penta ya kwanza unamtilia shaka na kumtafuta kwenye kurasa za nyuma.

Na ile asilimia 87 ya penta ya tatu? Imegawanywa kwa 90 ileile, kwa hiyo nayo haiaminiki, hata kama inapendeza zaidi. Wengi husahau hilo. Wanaitupa asilimia 116 kwa sababu inachekesha na kuibakiza 87 kwa sababu inaonekana ya kawaida.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji kujua idadi ya watu. Chukua walioanza, toa waliomaliza, gawanya kwa walioanza. Hapa ni 104 kutoa 78, yaani 26, kugawanya kwa 104: asilimia 25. Ndio walioacha njiani. Kipimo kinachotumika katika mipango ya chanjo ni kwamba kikizidi asilimia 10 kuna kasoro, na kasoro hiyo haihusu umbali peke yake. Hawa watoto walishafika kliniki mara moja. Njia wanaijua. Kitu fulani kiliwazuia kurudi.

Lakini hata hapo muuguzi makini hasimami. Watoto waliopata penta ya tatu Januari walianza Novemba, si Januari, kwa sababu kati ya dozi ya kwanza na ya tatu kuna wiki 8. Kama Februari kulikuwa na wageni wengi wapya, walioanza watakuwa wengi na wakati wao wa kumaliza haujafika. Hiyo 25 inaweza kuwa ya uongo. Dawa yake ni kurudi kwenye rejista na kufuata kundi moja kwa majina. Muuguzi wetu anachukua watoto walioanza Januari peke yao: wako 38. Anapitia kurasa hadi mwanzoni mwa Aprili, anakuta 29 wamepata dozi ya tatu. Tisa hawapo. Tisa kwa 38 ni karibu asilimia 24. Sasa ana uhakika kwamba tatizo ni la kweli.

Anaandika majina tisa kwenye karatasi na kando ya kila jina anaandika bloku. Sita wanatoka bloku moja. Hilo halikuonekana kwenye asilimia yoyote. Anamtafuta mhamasishaji wa bloku hiyo, wanakwenda pamoja mlango kwa mlango, na majibu yanakuja. Kaya mbili zimehama. Mama mmoja alipoteza kadi, akaja kliniki, akaambiwa arudi akaitafute, na hakurudi tena. Watatu wanasema siku ya chanjo imeangukia siku ya kupokea chakula, na hakuna anayeacha foleni ya chakula.

Hapa miaka minane ya wodi inamfaa kuliko shahada yoyote. Mratibu aliyesomea takwimu peke yake angeandika "uhamasishaji zaidi unahitajika". Muuguzi anajua kwamba mama aliyerudishwa kwa kukosa kadi hakuhitaji kuhamasishwa, alihitaji mtu afungue rejista na kumwandikia kadi mpya. Anajua pia jambo la chupa. Chupa ya penta yenye dozi nyingi ikishafunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi ipasavyo na kipimajoto chake cha lebo hakijabadilika rangi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwambia mama wa penta asubiri Alhamisi. Chanjo ya surua na rubela ni tofauti. Ikichanganywa inatupwa baada ya saa 6, ndiyo maana wauguzi husita kuifungua kwa mtoto mmoja. Kama watoto wanaachia njiani kwenye surua na si kwenye penta, mtu wa wodini anajua mara moja mahali pa kuuliza. Mtu wa ofisini atauliza wiki mbili.

Kwa hiyo ripoti ya pili haina pongezi. Inasema kwamba idadi ya watu inayotumika inahitaji kurekebishwa, kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne anaachia njiani, kwamba bloku moja ndiyo yenye uzito, na kwamba mambo mawili yabadilishwe: siku ya chanjo kwa bloku hiyo, na amri ya kurudisha wasio na kadi. Robo ya pili anahesabu tena kwa njia ileile. Ripoti ya namna hii, ya ukurasa mmoja, ina thamani kwenye faili lako kuliko vyeti vile 14. Ila ifute majina ya watoto na ya akina mama kabla hujamwonyesha mtu yeyote nje ya kliniki.

Maandalizi yake hayana gharama kubwa. Ukiwa bado wodini, omba uruhusiwe kujaza fomu za mwisho wa mwezi ambazo wenzako wanazikimbia. MOH 710 ni ya chanjo, MOH 711 ni ya uzazi, MOH 705A ni ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, MOH 505 ni ya kila wiki kwa magonjwa ya mlipuko. Kambini utakutana pia na mfumo wa UNHCR unaoitwa iRHIS, na ripoti za serikali zinaingia kwenye DHIS2, programu ambayo Uganda, Tanzania na Kongo pia wanaitumia. Aliyeijua Kakuma hapotei Nakivale wala Kigoma. Chuo Kikuu cha Oslo, kilichoitengeneza, kina kozi ya mwanzo ya bure mtandaoni.

Kisha jifunze jedwali la kompyuta, angalau kwa kiwango cha kuandika hesabu moja na kuishusha kwa bloku zote. Ikiwa safu ya B ni penta ya kwanza na safu ya C ni ya tatu, walioacha njiani ni hivi:

```
=(B2-C2)/B2*100
```

Hesabu ni fupi, lakini kinachofuata ndicho kinachomtofautisha anayejua na aliyekariri. Bloku ikileta jibu la kutoa, kwa mfano -12, maana yake waliomaliza ni wengi kuliko walioanza. Ama wageni wamekuja wakiwa tayari na dozi mbili, ama mtu amekosea safu. Bloku ikileta `#DIV/0!`, basi B2 ni sifuri au haikujazwa. Hayo si kitu kimoja. Sifuri ni habari: hakuna mtoto aliyeanza mwezi huo. Nafasi tupu ni kwamba hatujui. Ripoti nyingi zinaharibika hapa, kwa sababu mtu anajaza sifuri penye utupu ili ukurasa upendeze, na eneo ambalo halikuleta taarifa linaonekana kama eneo lisilo na ugonjwa.

Sasa makaratasi, ambapo matumaini ya wengi huvunjika.

Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au taaluma yake ikiwa ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Neno zito katika sentensi hiyo ni "zinazotambuliwa". Kwa muuguzi mamlaka ni Baraza la Wauguzi la Kenya. Wauguzi wetu wa Kongo wanafika na ngazi za A2, A1 au A0. A1, ya miaka mitatu baada ya diploma ya serikali, inaeleweka kirahisi zaidi. A2 inatoka kwenye shule za ufundi wa tiba za ngazi ya sekondari, na hapo ndipo inapokwama, kwa sababu muuguzi wa kusajiliwa wa Kenya husoma diploma baada ya kumaliza sekondari. Mtu anaweza kuwa na mikono bora kuliko wote wodini na bado karatasi yake ikahesabiwa chini.

Baraza pia hutaka uthibitisho kutoka nchi uliyosomea, yaani chuo na chombo cha wauguzi cha huko kithibitishe kwamba wewe ni mwenzao. Baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, hiyo si kazi ya barua moja tu. Anza mapema, na anza na unachokishika: diploma yenyewe, orodha ya alama za kila mwaka, na tafsiri rasmi kutoka Kifaransa. Piga picha kila ukurasa uhifadhi mahali ambapo moto au mvua haifiki, kwenye barua pepe yako mwenyewe, si kwenye simu tu.

Kosa la kawaida ni kufikiri kwamba ukihama kutoka wodini unaliacha Baraza nyuma. Huliachi, unakutana na mabaraza mengine. Cheo cha afisa wa afya ya umma nchini Kenya kinalindwa na sheria ya 2013 na kina baraza lake la usajili. Wasimamizi wa kumbukumbu na taarifa za afya wana sheria yao ya 2016 na bodi yao. Muuguzi aliyesoma kozi ya miezi sita ya afya ya jamii hawezi kujiita afisa wa afya ya umma, na tangazo la kaunti linalotaka cheo hicho litamkata kabla hata ya kusomwa. Kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, muulize mkuu wa chuo swali moja: mhitimu wa kozi hii anasajiliwa na baraza gani? Akijibu kwa kuzunguka, basi hasajiliwi na lolote. Kozi inaweza bado kukufaa kwa ujuzi, lakini usiilipie kwa bei ya leseni.

Ndiyo maana nafasi bora kwa muuguzi ni zile anazoziingia akiwa bado muuguzi. Waratibu wa chanjo na wa ufuatiliaji wa magonjwa katika kaunti ndogo mara nyingi ni wauguzi au maafisa wa tiba waliopewa jukumu hilo. Hawakubadili usajili, walibadili dawati. Kwa Mturkana aliyeajiriwa na kaunti njia hii iko wazi: omba jukumu, kisha omba kuingizwa kwenye mafunzo ya epidemiolojia ya ngazi ya mwanzo yanayoendeshwa na serikali. Ni ya miezi 3, mtu akiendelea na kazi yake, na yanamtaka achambue takwimu za eneo lake mwenyewe. Kwa kawaida huchukua walio tayari kazini serikalini, na hilo linawaacha wakimbizi nje.

Kwa mkimbizi hali tuiseme ilivyo. Wengi watabaki kwenye insentivi hata baada ya kuhama, na kiwango hakipandi kwa sababu umetoka wodini ukaenda ofisini. Kibali cha kazi cha daraja la M hakitozwi ada, lakini kinahitaji mwajiri aliyetayari kukuandikia na idhini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, na mwajiri huandika kwa mtu ambaye hana wa kumbadilisha naye. Anayezungumza Kiswahili cha Kongo, Kifaransa na Kirundi, akajua rejista ya Kenya na akaweza kueleza kwa nini asilimia 116 si habari njema, ana hoja. Mwenye vyeti 14 ana faili nzito.

Kuna jambo la upande wa pili ambalo viongozi wa afya hawalisemi sana. Kila muuguzi mwenye uzoefu anayehamia kwenye takwimu anaiachia wodi vijana. Wodi ya watoto iliyobaki na sista mmoja kwa zamu ya usiku haisaidiwi na ripoti nzuri ya chanjo. Mashirika yanayopunguza watu hupenda kuwahamisha waliobaki kwenye kazi za jamii kwa sababu zinagusa watu wengi kwa fedha kidogo, na hesabu hiyo ni ya kweli, lakini mtoto mwenye nimonia saa nane usiku hamhitaji mratibu. Kaunti inapopokea kliniki hizi, wakazi wana haki ya kuuliza idadi ya wauguzi kwa kila zamu, si idadi ya wahamasishaji tu.

Ndugu zetu walioko Uganda wanauliza kama huko ni rahisi zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaruhusu kufanya kazi, na wahudumu wa afya wa vijiji wamekuwepo huko tangu 2001, wakimbizi wakiwemo. Lakini wahudumu hao ni wa kujitolea, na muuguzi anayetaka kuitwa muuguzi bado anapitia Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, akiwa na karatasi zilezile za Bukavu na tafsiri zilezile.

Mwisho ni la leseni, kwa wale ambao tayari wamesajiliwa. Leseni ya uuguzi huhuishwa kwa ada na kwa alama za mafunzo endelevu, na ukiwa ofisini hakuna anayekukumbusha. Mradi wa chanjo ukifungwa baada ya miaka miwili, na miradi hufungwa, utataka kurudi wodini. Mwenye leseni hai anarudi wiki ileile. Iliyokufa itakupeleka kwanza kwenye madeni na barua. Kubaliana na msimamizi wako tangu siku ya kwanza kwamba utachukua zamu moja au mbili za wodi kila mwezi, ziandikwe kwenye ratiba, na uweke nakala ya ratiba hizo pamoja na diploma yako.